Mashine mbili chini ya paa moja: kwa nini kusaga na kukamua pamoja hupunguza gharama



Katika makala hii tutazungumzia gharama za kazi mbili zinazofanywa na mtu mmoja, chama kimoja au kiwanda kimoja. Mara nyingi kazi mbili zikifanywa pamoja gharama yake huwa ndogo kuliko kila moja ikifanywa peke yake. Lakini si mara zote. Inafaa tujue nafuu hiyo inatoka wapi, na inakwisha lini.

Tuanze na maksai. Hapa Ufipa mvua huanza Novemba, na maksai huvuta plau. Wakati wa mavuno maksai wale wale huvuta mkokoteni wa magunia. Mwenye maksai hanunui jozi moja ya kulima na jozi nyingine ya kubeba. Zizi ni moja, mchungaji ni mmoja, dawa ya kuogeshea ni ile ile. Alichoongeza ni mkokoteni tu. Gharama ya kuwatunza maksai angeilipa hata kama wangelima tu na kukaa bure miezi mingine.

Nafuu ya namna hii tutaiita nafuu ya kuunganisha kazi. Tusiichanganye na nafuu ya ukubwa. Nafuu ya ukubwa hupatikana mtu akifanya kazi ile ile kwa wingi zaidi, kama kusaga magunia 100 badala ya 10. Nafuu ya kuunganisha hupatikana akifanya kazi mbili zilizo tofauti kwa kutumia vitu vile vile. Mwaka 1981 wataalamu wawili wa uchumi wa Marekani, Panzar na Willig, waliandika makala iliyoeleza jambo hili. Kipimo chao ni rahisi: jumlisha gharama za kazi mbili zikifanywa mbali mbali, kisha linganisha na gharama ya kuzifanya pamoja. Gharama ya pamoja ikiwa ndogo, nafuu ipo. Ikiwa kubwa, hakuna nafuu.

MFANO WA MASHINE

Sasa tupime kwa mfano wa mashine, kama zile tunazoziona Izia na mahali pengine Sumbawanga. Mashine moja inasaga mahindi. Nyingine inakamua mafuta ya alizeti. Hesabu tutakazotumia ni za mfano tu, nazo ni za mwaka mmoja. Ndugu msomaji ataweka hesabu zake mwenyewe.

Kwanza, tuseme mtu anasaga tu. Banda linamgharimu shilingi 600,000. Injini ya dizeli inachakaa, na kila mwaka inabidi aweke akiba ya shilingi 500,000 ili siku moja anunue nyingine. Mlinzi analipwa 900,000. Mwendesha mashine analipwa 1,500,000. Hizo ni shilingi 3,500,000. Halafu kuna gharama za kusaga kwenyewe: dizeli, nyundo za kinu, chekeche na matengenezo ya kinu. Tuseme ni 3,000,000. Jumla ni shilingi 6,500,000.

Pili, tuseme mtu mwingine anakamua alizeti tu. Alizeti huvunwa mvua zikiisha, kwa hiyo kazi yake ni ya msimu, tuseme Julai mpaka Desemba. Banda ni 600,000 na injini 500,000, kama yule wa kwanza. Mlinzi ni 900,000, maana mashine hailali bila mlinzi hata kama haifanyi kazi. Mwendesha mashine anaajiriwa miezi sita tu, kwa 750,000. Hizo ni shilingi 2,750,000. Gharama za kukamua kwenyewe, yaani dizeli na matengenezo ya mashine ya kukamulia, ni 2,000,000. Jumla ni shilingi 4,750,000.

Wawili hawa, kila mtu kwake, wanatumia shilingi 11,250,000.

Tatu, tuseme mtu mmoja anafanya kazi zote mbili. Injini ni moja. Akitaka kusaga, mkanda anauweka kwenye puli ya kinu. Akitaka kukamua, anauhamishia kwenye puli ya mashine ya alizeti. Banda linaongezwa kidogo, linakuwa 800,000. Injini inafanya kazi saa nyingi zaidi na inachakaa mapema, kwa hiyo akiba yake inakuwa 700,000. Mlinzi ni yule yule, 900,000. Mwendesha mashine ni yule yule, 1,500,000, lakini wakati wa msimu anapewa kibarua wa kumsaidia, 300,000. Hizo ni shilingi 4,200,000. Tukiongeza 3,000,000 za kusaga na 2,000,000 za kukamua, jumla ni shilingi 9,200,000.

Toa 9,200,000 katika 11,250,000. Zinabaki shilingi 2,050,000. Hiyo ndiyo nafuu ya kuunganisha kazi.

Tutazame vizuri nafuu hiyo imetoka wapi. Haikutoka kwenye dizeli ya kusaga wala ya kukamua. Kila debe la mahindi linataka dizeli yake, na kila gunia la alizeti linataka yake. Hapo hakuna kilichopungua hata senti moja. Nafuu imetoka kwenye vitu vinavyotumiwa na kazi zote mbili: banda, injini, mlinzi na mwendesha mashine. Vitu hivyo vilikuwa na nafasi iliyokaa bure. Mlinzi akilinda mashine mbili usiku mmoja, hachoki mara mbili. Injini iliyokuwa imezimwa mchana kutwa sasa ina kazi.

Kwa hiyo mtu akitaka kuongeza kazi ya pili, swali la kwanza ni hili: nina kitu gani ambacho nimekwisha kukilipia, lakini kinakaa bure?

MTEGO WA KUGAWANYA NUSU KWA NUSU

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Tuseme kazi ya kukamua inaingiza shilingi 3,500,000 kwa mwaka. Mwenye mashine anafungua daftari. Anachukua zile gharama za pamoja, 4,200,000, na kuzigawa nusu kwa nusu. Kila kazi inabeba 2,100,000. Kwenye alizeti anaongeza 2,000,000 za kukamua. Anapata 4,100,000. "Kumbe alizeti inanipa hasara ya 600,000!" anasema. Basi anaiuza mashine ya kukamulia.

Mwaka unaofuata anashangaa. Fedha zimepungua! Kwa nini?

Kwa sababu alipoacha kukamua, mlinzi hakuondoka. Mwendesha mashine hakuondoka. Banda bado lipo na injini bado ipo. Gharama zilizoondoka ni zile tu ambazo alizeti ilikuwa imeziongeza: 2,000,000 za kukamua, 200,000 za banda, 200,000 za injini na 300,000 za kibarua. Jumla 2,700,000. Lakini mapato yaliyoondoka ni 3,500,000. Basi kwa kuikimbia "hasara" ya 600,000, ndugu yetu amepoteza shilingi 800,000.

Gharama ya pamoja haina mstari unaoonyesha sehemu ya alizeti ni ipi na ya mahindi ni ipi. Ukigawa nusu kwa nusu, au kwa saa, au kwa magunia, kila mgawo utatoa jibu lake. Kwa hiyo tusiamue kuacha au kuendelea na kazi kwa kutazama mgawo. Tuulize maswali mawili.

Swali la kwanza: kazi hii ikiachwa, ni gharama zipi zitaondoka kweli? Kazi ni lazima iingize zaidi ya hizo. Katika mfano wetu, alizeti ni lazima iingize zaidi ya 2,700,000.

Swali la pili: mtu akiifanya kazi hii peke yake, ingemgharimu kiasi gani? Kwa alizeti ni 4,750,000. Mwenye mashine akitoza wakulima wa alizeti zaidi ya hapo, wao wenyewe wanaweza kuungana na kuweka mashine yao ya kukamua.

Na mapato ya kazi zote mbili yakijumlishwa ni lazima yafikie 9,200,000. Kama alizeti inaleta 3,500,000, basi kusaga kunatakiwa kulete 5,700,000 tu. Kusaga peke yake kungetaka 6,500,000. Maana yake hata mama anayeleta debe la mahindi, ambaye hana shina moja la alizeti, anaweza kusagiwa kwa bei ndogo zaidi.

NAFUU INAPOKWISHA

Nafuu hii inakwisha pale nafasi iliyokaa bure inapokwisha. Baada ya mavuno foleni ya mahindi na foleni ya alizeti huja kwa wakati mmoja. Injini yetu ni moja, nayo inavuta mashine moja tu kwa zamu. Wenye alizeti wakisubiri siku mbili, wataenda kwingine. Mwenye mashine akilazimika kununua injini ya pili na kuajiri mwendesha mashine wa pili wa mwaka mzima, sehemu kubwa ya zile 2,050,000 inapotea.

Dalili yake inaonekana kwenye daftari. Kila siku aandike saa ambazo injini imefanya kazi, na wateja walioondoka bila kuhudumiwa. Kama injini inafanya kazi saa nne kwa siku, nafasi ipo. Kama inafanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku na wateja bado wanaondoka, nafasi imekwisha.

Pia kuna kazi ambazo hudhuriana. Unga hunyonya harufu ya mafuta, na vumbi la unga huingia kwenye kichujio cha hewa cha injini. Ndiyo maana katika mfano wetu tuliongeza 200,000 za banda: ni za ukuta wa kutenganisha. Asiyejenga ukuta huo ataona gharama ni ndogo, lakini atapoteza wateja wa unga. Tena injini ikiharibika, kazi zote mbili zinasimama siku hiyo hiyo. Wenye injini mbili wangepata angalau moja.

Jambo hili halipo kwenye mashine tu. Kampuni ya simu ya Safaricom ya Kenya ilipoanzisha M-Pesa mwaka 2007, ilikwisha kuwa na minara na maduka mengi yaliyouza vocha. Kazi ya kutuma fedha ilipita juu ya vitu hivyo hivyo. Na basi litokalo Sumbawanga kwenda Mbeya likibeba vifurushi pamoja na abiria, dereva ni mmoja na safari ni moja. Lakini nalo, buti likijaa, nafuu imekwisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja kazi mbili ambazo mtu mmoja kijijini kwenu anazifanya pamoja. Ni vitu gani vinatumiwa na kazi zote mbili?

2. Moja ya kazi hizo ikiachwa, ni gharama zipi zitaondoka, na zipi zitabaki?

3. Ni mwezi gani kazi hizo zinagombania mtu mmoja, mnyama mmoja au mashine moja?