Mradi Uliolipa Kwenye Karatasi

"Ndugu Mkurugenzi, hesabu ya mashine mpya iliyomo kwenye rasimu ya bodi inahitaji kurekebishwa kabla haijasambazwa. Thamani halisi ya sasa ya mradi si chanya milioni 33.6, bali ni hasi milioni 16.7. Vitu viwili viliachwa nje: mtaji wa uendeshaji, na nafuu ya kodi itokanayo na uchakavu wa mashine."

Hivi ndivyo inavyoanza barua pepe ya mchambuzi wa fedha kwa Mkurugenzi wake wa Fedha. Kiwanda chao, tulichokiunda kwa ajili ya makala haya, kinakamua alizeti mkoani Singida. Kinataka mashine mpya ya kukamua na kuchuja mafuta ambayo pamoja na kuifunga itagharimu shilingi milioni 600. Kiwanda ni cha mfano, lakini makosa mawili yanayotajwa hapo hutokea mara kwa mara kwenye maandiko ya miradi, na yana tabia moja ya hatari: moja huipandisha hesabu na jingine huishusha. Yakikutana, jibu linaweza kuonekana la kawaida kabisa.

Kwanza tuone hesabu yenyewe inatafuta nini. Fedha utakayopata baadaye haina uzito wa fedha uliyonayo leo. Wenye kiwanda hiki wanataka kila shilingi waliyoiweka iwarudishie angalau asilimia 15 kwa mwaka. Kwa hiyo, kwao, milioni 115 za mwakani ni sawa na milioni 100 za leo. Mchambuzi huchukua fedha zote zitakazoingia miaka ijayo, akazipunguza kwa kiwango hicho hadi zifikie uzito wa leo, kisha akatoa fedha zinazowekwa mwanzoni. Kinachobaki ndicho kinachoitwa thamani halisi ya sasa. Kikiwa chanya, mradi unalipa zaidi ya ile asilimia 15. Kikiwa hasi, haina maana kwamba kiwanda kitafilisika. Maana yake ni kwamba fedha ile haikufikisha kiwango ambacho wenyewe walikidai.

Rasimu ya mkurugenzi ilikuwa nyepesi kusoma. Mashine itadumu miaka mitano na mwishoni haitakuwa na bei ya kuuzia. Kila mwaka itaingiza milioni 270 baada ya kulipia mbegu, umeme, vibarua na matengenezo. Kodi ya mapato ya kampuni nchini Tanzania ni asilimia 30, hivyo milioni 81 zinakwenda kwa Mamlaka ya Mapato na milioni 189 zinabaki. Milioni 189 za kila mwaka kwa miaka mitano, zikipunguzwa kwa asilimia 15, zina uzito wa milioni 633.6 leo. Toa milioni 600 za mashine, unabaki na milioni 33.6. Mradi unalipa, bodi ipitishe.

Tatizo la kwanza liko ghalani. Alizeti ya Singida na Dodoma huvunwa kwa msimu, na wakulima huanza kuiuza kuanzia kama mwezi wa tano. Kiwanda kinachotaka kukamua mwaka mzima hakina budi kununua mbegu nyingi wakati wa msimu, kwa fedha taslimu, na kuzihifadhi. Mashine kubwa zaidi inataka akiba kubwa zaidi. Mchambuzi alikwenda kwa mtunza ghala na kwa mhasibu wa wadaiwa akapata makisio haya: mbegu na mafuta yatakayokaa ghalani yataongezeka kwa wastani wa milioni 310, wauzaji wa jumla wanaochukua mafuta na mashudu kwa mkopo watakuwa wanadaiwa milioni 70 zaidi, na wauzaji wa madumu, ambao nao hukikopesha kiwanda, watakuwa wanakidai milioni 40 zaidi. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu: milioni 340.

Hiyo ndiyo hela ya mzunguko ambayo rasimu haikuiona. Haikuonekana kwa sababu haimo kwenye ankara ya mashine, wala haimo kwenye taarifa ya faida na hasara. Mbegu iliyolala ghalani bado haijawa gharama kwa mhasibu, ila fedha yake imeshatoka benki. Mtetezi wa rasimu angeweza kusema kwamba fedha hiyo haipotei, kwa kuwa mradi ukiisha mbegu itakamuliwa, madeni yatakusanywa na milioni 340 zitarudi. Ni kweli zitarudi, lakini mwishoni mwa mwaka wa tano, na kwa asilimia 15 milioni 340 za wakati huo zina uzito wa milioni 169 tu leo. Tofauti ya milioni 171 ndiyo bei halisi ya kufunga fedha ghalani kwa miaka mitano. Ni zaidi ya robo ya bei ya mashine.

Tatizo la pili linavuta upande wa pili. Rasimu ilitoza kodi ya asilimia 30 kwenye milioni 270 zote, kana kwamba mashine haichakai. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu kampuni kupunguza uchakavu wa mali zake kabla ya kodi kukokotolewa. Ukigawa milioni 600 sawasawa kwa miaka mitano, uchakavu ni milioni 120 kwa mwaka. Hakuna fedha inayotoka benki kwa ajili ya uchakavu, kwa maana mashine ilishalipiwa. Lakini kiasi kinachotozwa kodi kinashuka kutoka milioni 270 hadi 150, na kodi inashuka kutoka milioni 81 hadi 45. Milioni 36 zinabaki kiwandani kila mwaka. Kwa uzito wa leo, nafuu hiyo ni milioni 120.7.

Sasa weka yote pamoja. Milioni 33.6 za rasimu, ongeza 120.7 za nafuu ya kodi, toa 171 za mtaji wa uendeshaji: unapata hasi milioni 16.7. Mchambuzi aliyaweka hayo kwenye mstari mmoja wa jedwali la Excel, mwaka sifuri ukiwa safu ya B na mwaka wa tano safu ya G. B10 ina -940, yaani mashine na hela ya mzunguko kwa pamoja. C10 hadi F10 zina 225 kila moja, yaani 189 na 36. G10 ina 565, kwa kuwa mwaka wa mwisho milioni 340 zinarudi. Fomula ni hii:

```
=NPV(15%,C10:G10)+B10
```

Angalia kwamba B10 imewekwa nje ya mabano. Excel huchukulia kwamba namba ya kwanza ndani ya NPV inatokea mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukiingiza B10 humo ndani, hata fedha inayotoka leo itapunguzwa kwa asilimia 15, na jibu litakuwa na kosa la tatu.

Barua iliendelea hivi: "Nikirekebisha kodi peke yake, mradi unapanda hadi chanya milioni 154.2. Nikirekebisha mtaji wa uendeshaji peke yake, unashuka hadi hasi milioni 137.4. Kwa hiyo naomba tusirekebishe kimoja bila kingine. Mapato, gharama na kiwango cha asilimia 15 sikuvigusa. Ni vilevile ulivyoviidhinisha. Kinachoamua mradi huu sasa ni ghala. Tukipunguza hela ya mzunguko kutoka milioni 340 hadi 280, kwa kununua sehemu ya mbegu kwa awamu au kwa wateja wa mashudu kutanguliza malipo, mradi unarudi kuwa chanya milioni 13.4. Napendekeza bodi iletewe mradi ukiwa na sharti hilo. Nipo tayari kupitia jedwali pamoja nawe leo mchana."

Barua ya namna hii ina mambo ya kujifunza hata kwa asiyependa hesabu. Imetanguliza jibu, kisha sababu. Imetaja kilichobadilika na ambacho hakikubadilika, ili mkurugenzi asilazimike kukagua kila seli upya. Imepelekwa kwake peke yake kabla ya makabrasha kusambazwa, bila nakala kwa wajumbe wa bodi. Na haikuishia kwenye kusahihisha. Rasimu ya kwanza ilikuwa inawapa wajumbe chaguo la ndiyo au hapana. Hesabu iliyorekebishwa inawaonyesha mahali pa kukaza: kila milioni 10 watakazoziondoa ghalani zinauongezea mradi karibu milioni 5.

Hata hesabu hiyo mpya ina mipaka yake, na mchambuzi makini huitaja. Kwanza, Sheria ya Kodi haigawi uchakavu wa mitambo sawasawa. Hutumia asilimia ya salio linalobaki kila mwaka, hivyo punguzo huwa kubwa mwanzoni na dogo baadaye. Mgawo sawa unafaa kwa rasimu, lakini jibu lililo karibu hivi na sifuri halistahili kwenda kwenye bodi kabla ya kupitishwa kwenye ratiba halisi ya sheria. Pili, nafuu ya kodi ina faida kwa kampuni yenye faida ya kutozwa kodi. Kampuni iliyo kwenye hasara itaisubiri, na kuisubiri kunapunguza uzito wake. Tatu, bei ya mbegu ikipanda, ghala lilelile litataka fedha zaidi mwakani, na nyongeza hiyo nayo iingie kwenye jedwali. Wala si lazima milioni 340 zote zirudi, maana mbegu huoza na wadaiwa wengine hawalipi. Mwisho, ikiwa mashine itanunuliwa kwa mkopo, riba nayo hupunguza kodi, lakini kwa kawaida nafuu hiyo imeshawekwa ndani ya kiwango cha asilimia 15. Ukiiongeza tena kwenye mapato umeihesabu mara mbili.

Huhitaji kuwa mhasibu ili kuyagundua makosa haya kwenye andiko la mradi, liwe la kiwanda, la ushirika au la duka la familia. Tazama mwaka sifuri: ukiona bei ya mashine peke yake, uliza fedha ya kununulia bidhaa za kuanzia iko wapi. Tazama mstari wa kodi: ukiona ni asilimia 30 kamili ya mapato yote baada ya gharama za kila siku, uchakavu umesahauliwa. Tazama mwaka wa mwisho: ukifanana na miaka mingine yote, basi hela ya mzunguko haikuwekwa, au iliwekwa ikasahauliwa kurudishwa. Mwandishi wa andiko akishindwa kujibu maswali hayo matatu, usiweke sahihi.