Utambulisho wa Daktari wa Meno Uanze na Sindano

Mgonjwa wa Itaka mwenye gego lililooza huweza kuvumilia maumivu wiki nzima kwa sababu koleo linamtisha kuliko usaha. Akifika kliniki na kukuta ukutani picha ya daktari iliyozungukwa na majina ya vyeti, hofu yake hubaki pale pale.

Elimu ni lazima itajwe, lakini kwa maneno machache yaliyo wazi. Shahada ya udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Muhimbili husomwa kwa miaka 5, kisha hufuata mwaka 1 wa mazoezi kazini. Mwenye stashahada ni tabibu wa meno. Naye hung'oa na kuziba, ila si halali kwake kujiandika daktari. Daktari aongeze namba yake ya usajili katika Baraza la Madaktari Tanganyika, nayo yatosha. Nafasi iliyobaki apewe mgonjwa, kwa mfano hivi:

“Nang'oa meno, naziba yaliyotoboka na kusafisha ukoga mgumu. Gego la mwisho lililolala ndani ya taya sing'oi hapa. Nitakuandikia barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Kwanza nitakuuliza juu ya shinikizo la damu, kisukari, ujauzito na dawa unazotumia. Kisha nitachoma ganzi polepole, nawe utahisi mchomo mfupi. Tutasubiri dakika kadhaa mpaka mdomo uwe mzito, na nitaigusa fizi kwa chombo chenye ncha kabla ya kushika koleo. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi msukumo. Utahisi jino likisukumwa na huenda ukasikia mlio. Ukihisi maumivu makali, inua mkono wa kushoto, nami nitasimama.”

Sentensi ya msukumo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Wengi hudhani ganzi imeshindwa pindi wanapohisi taya likisukumwa, wakakakamaa, na kazi ikawa ngumu kwa pande zote mbili. Hata hivyo asiandike kamwe “hutahisi chochote”. Penye usaha na uvimbe ganzi hufanya kazi kwa udhaifu, na pengine hulazimu kuongeza sindano au kuutoa usaha kwanza. Aliyeahidiwa muujiza akaumia harudi tena, na huwasimulia jirani zake.

Kama yupo mhudumu wa kike, atajwe. Wapo akina mama wanaoahirisha tiba kwa jambo hilo tu.

Mwisho yaandikwe ya nyumbani: kuuma pamba kwa nusu saa, na kutosukutua siku ile ya kwanza, maana damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha shimo. Kidonda hupoa siku hadi siku. Maumivu yakizidi siku ya tatu, pamoja na harufu mbaya, huenda kifuniko kimetoka. Mgonjwa arudi asafishwe, wala asihesabiwe msumbufu.