Supu ya tomati mu sufuria ya chuma

Wamama wengi wa hapa Nyalukemba wanaopika sambaza na tomati wanatuuliza: supu ikigeuka nyeusi mu sufuria nzito ya chuma, tumekula sumu?

Hapana. Tomati na ndimu ziko na ukali, na ukali ule unayeyusha chuma kidogo, kinaingia mu supu. Ndiyo ile rangi, na ile ladha kama ya msumari. Chuma ni kitu damu inahitaji. Kule Etiopia, mu uchunguzi uliotangazwa 1999, watoto waliopikiwa mu sufuria za chuma walipata damu nzuri kuliko wa sufuria za aliminiyamu. Mutu ambaye daktari alimwambia ana chuma ya kupita kiasi, huyo tu ajizuie.

Shida ni ya sufuria yenyewe. Ukali unakula ile ngozi nyeusi ya mafuta inayoilinda, na kutu inapata mlango. Kwa hiyo kaanga sambaza kwanza, tia tomati mwishoni, dakika ishirini hivi, kisha pakua yote. Usiache supu ilale humo. Ndimu utaikamulia mu sahani.

Kama kutu imekwisha kuingia, usitupe sufuria. Isugue na mchanga mpaka chuma kionekane kijivu, osha, kausha juu ya mbabula mpaka ipate moto. Paka mafuta ndani na inje, kisha pangusa na kitambaa kikavu kama vile unataka kuyaondoa yote. Hapo ndipo wengi wanaharibu: mafuta mengi yanabakia yakinata. Igeuze kichwa chini juu ya makala makali, mahali pa hewa, iache mpaka iache kutoa moshi. Ipoe, rudia mara tatu. Mafuta ya soya au ya alizeti ni mazuri, sababu yanakauka na kuwa ngumu. Mawese hayakauki vizuri. Kila ukiosha, kausha ku moto, usiiache na maji. Ikiwa na ufa, hiyo haitengenezeki.

Yote haya ni ya chuma kweli. Kuna sufuria nzito zinazofanana nayo, lakini ni aliminiyamu iliyoyeyushwa kutoka vyuma vya kuokota. Chukua sumaku ya spika ya radio mbovu, iguse ku sufuria. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, mambo ni mengine: sufuria za namna ile zilipimwa Kameruni, zikakutwa zinatoa risasi, ile metali inayoharibu ubongo wa mtoto, na ukali wa chakula unaitoa zaidi. Kuipaka mafuta na kuichoma hakuiondoi. Ile usipikie tomati wala ndimu, na zaidi usipikie chakula cha watoto na cha mama mja mzito.