Elfu moja ya nini? Kusoma tangazo la inverta na jenereta

«INVERTA 1000! BETRI 200! Waranti mwaka 1. Mzigo upo, bei inboksi.»

Mtu wa Mombasa anayekumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, Kenya karibu nzima ilipoingia gizani, na tena ule wa tarehe 10 Desemba mwaka huohuo, hahitaji kushawishiwa anunue. Anachohitaji ni kuambiwa 1000 ni elfu moja ya nini, na 200 ni mia mbili ya nini. Picha ya inverta inayong'aa haimwambii.

Mara nyingi ile 1000 ni VA, yaani volti mara ampea. Ndiyo namba inayopendeza kuandikwa kwa sababu ndiyo kubwa. Vifaa vya nyumbani huhesabiwa kwa wati, na wati ni kazi yenyewe inayofanyika: joto la pasi, upepo wa feni, mwanga wa taa. Kifaa chenye mota huvuta mkondo mwingi kuliko kazi kinayoifanya, kwa kuwa sehemu ya mkondo huo huenda na kurudi tu kwenye waya. Hata ule wa kwenda na kurudi unaipasha mashine moto, kwa hiyo lazima uhesabiwe. Ndipo VA na wati zinapoachana. Inverta ya 1000VA yaweza kubeba wati 800, na nyingine za bei ya chini hubeba 600 tu. Jibu liko kwenye kibati kilichobandikwa nyuma ya mashine. Muuzaji akipiga picha ya kibati hicho badala ya sura ya mbele, nusu ya maswali yamekwisha.

Halafu kuna namba mbili za wati zenyewe. Moja ni ya kudumu, ambayo mashine inaweza kuibeba saa baada ya saa. Nyingine ni ya kilele, ya sekunde chache. Hamali wa Marikiti anaweza kuinua magunia mawili yakafika begani, lakini la kufikisha Kibokoni ni moja. Tangazo linalotaja kilele peke yake linauza magunia mawili.

Kilele kina kazi yake, hata hivyo, na kazi hiyo ni mota. Friji ndogo inayotumia wati 120 ikiwa inaendelea huvuta mara tano au sita ya hapo pale kompresa inapojisukuma kuanza. Ni kitambo kifupi sana, lakini inverta isipokiweza itajizima, au itapiga kelele ya onyo kila baada ya dakika kadhaa huku mwenye nyumba akidhani friji imeharibika.

Tuchukue nyumba moja ya ghorofani Kibokoni tuipigie hesabu. Ina taa 6 za LED za wati 9, jumla 54. Feni 2 za wati 60 ni 120, na hizo hazina mjadala wakati wa kaskazi. Televisheni 60, ruta 10, simu zinazochajiwa 20. Tumefika 264. Friji ikiingia tunafika 384, na ile sekunde ya kuanza tunakaribia 1000. Inverta yenye wati 800 za kudumu na 1600 za kilele inatosha, na nafasi inabaki. Yenye wati 600 za kudumu na kilele kisichotajwa ni bahati nasibu.

Sasa pasi. Pasi moja ni wati 1000 hadi 2000, birika la stima karibu 2000. Haviingii hapa kabisa. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu imeandikwa «nusu hosipawa» na mtu akibadilisha anapata wati 373. Hizo ni za kazi inayotoka kwenye mota. Kutoka ukutani pampu inavuta takriban 600, na ikianza inaruka mara tatu au zaidi. Mzigo wa pampu ni wa jenereta.

Namba ya pili ya tangazo, 200, ni ampea-saa za betri. Yenyewe haisemi saa ngapi. Zidisha kwa volti 12 upate wati-saa 2400, kisha anza kupunguza. Betri ya asidi ikizoeshwa kunyonywa hadi mwisho hufa mapema, hivyo mafundi huhesabu nusu: 1200. Inverta nayo hula sehemu yake kwa joto, tuseme asilimia 15. Zimebaki wati-saa 1020 hivi. Friji haivuti muda wote. Ikiwaka nusu ya muda, mzigo wa nyumba yetu ni wati 324 kwa wastani, nayo betri itadumu saa 3 na kidogo. Bila friji, karibu saa 4. Wakilala na feni 2, taa moja na ruta, watafika saa 7.

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha kwa nini kulinganisha betri kwa ampea-saa peke yake kunapotosha. Betri ya lithiamu ya 100Ah, volti 12.8, ina wati-saa 1280 na inakubali kutumiwa hadi asilimia 90 bila kuumia. Ukitoa hasara ya inverta unapata 980 hivi, karibu sawa na ile ya asidi ya 200Ah. Mteja anayeziona bega kwa bega dukani hudhani anauziwa nusu kwa bei ya juu zaidi. Muuzaji wa lithiamu asiyeeleza hili anajinyima mauzo. Ila aeleze pia kwamba chaja ya inverta lazima iwe na mpangilio wa lithiamu, maana si kila inverta inayo.

Jambo jingine ni kujaza. Inverta yenye chaja ya ampea 10 itahitaji zaidi ya saa 10 kurudisha nusu ya betri ya 200Ah. Mtaa unaokatikiwa stima asubuhi na jioni utaikuta betri haijashiba. Sijaona muuzaji akiandika ampea za chaja kwenye tangazo, na mimi ningeziweka mstari wa pili.

Mombasa ina mambo mawili ya kwake. Joto ni la kwanza: kanuni ya mafundi ni kwamba betri ya asidi hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Betri iliyofungiwa kabatini chini ya ngazi, pasipo upepo, inaishi kwenye joto hilo mwaka mzima, na zile za kuongezwa maji hutoa gesi inayoweza kulipuka. La pili ni chumvi ya bahari, inayokula vichwa vya nyaya hadi vikaota ukungu wa kijani. Fundi akivipaka grisi siku ya kufunga, umejiokoa, kwa sababu waranti nyingi huacha kutu nje.

Jenereta, kwa upande wake, inapata faida pwani. Injini inahitaji hewa nzito, na hapa tuko usawa wa bahari. Mashine ileile ikipelekwa Nairobi, mita 1,700 juu, hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Lakini namba iliyochorwa kubwa kwenye tangi mara nyingi ni jina la modeli tu. Imeandikwa 3500, kibati kinasema kilowati 2.8 za kilele na 2.5 za kudumu. Ile ndogo ya injini ya mchanganyiko wa petroli na oili, iitwayo 950, kwa kawaida hutoa wati 650 za kudumu. Kwa kilowati 2.5 unaendesha pampu na friji pamoja na taa, na petroli itakwenda takriban lita moja kwa saa ukiipa nusu ya mzigo.

Kwa nyumba za Mji wa Kale, hata hivyo, ningemwambia mteja ukweli kabla hajalipa: jenereta itakaa wapi? Kwenye vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu, dirisha la jirani liko umbali wa mkono. Moshi wa jenereta una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na huua watu usingizini. Haifai ukumbini, haifai kwenye ngazi, haifai roshani iliyofungwa. Asiye na paa la wazi au ua usiozungukwa na vyumba vya kulala, inverta ndiyo yake, na maji yapandishwe stima ikiwapo. Na anayenunua jenereta anunue pamoja na swichi ya chenjiova. Waya wa plagi pande mbili unaochomekwa ukutani hurudisha stima kwenye nyaya za mtaani, ambako fundi wa Kenya Power huenda anazishika.

Tangazo la nyumba yetu ya Kibokoni, kwa bei za mfano, lingesomeka hivi:

«Inverta ya wimbi safi, 1000VA. Inabeba wati 800 mfululizo, 1600 kwa sekunde chache. Chaja ampea 20. Betri ya asidi 12V 200Ah. Taa 6, feni 2, TV, ruta na friji ndogo: saa 3. Bila friji: karibu saa 4. Haiwashi pasi, birika wala pampu. Inverta KSh 22,000, betri KSh 34,000, kufunga KSh 4,000. Jumla KSh 60,000, VAT imo. Waranti: inverta miezi 12, betri miezi 12, kuanzia tarehe ya risiti. Ikiharibika lete dukani. Usafirishaji hadi kwa fundi ni juu yetu.»

Ni maneno mengi kuliko yale ya tangazo la mwanzo, sawa. Lakini kila moja lina ugomvi linaouzuia. «Wimbi safi» ni kwa sababu inverta za wimbi la ngazi hufanya feni ivume na mota ya friji ipate moto. «VAT imo» ni kwa sababu asilimia 16 juu ya KSh 60,000 ni KSh 9,600, na hakuna anayependa kukutana nazo kaunta.

Waranti ndiyo inayostahili maswali mengi zaidi. Inverta na betri huwa na waranti mbili tofauti, na ya betri ndiyo inayokataliwa sana. Dukani wataipima, na wakikuta iliachwa tupu muda mrefu watasema imeuawa na mwenyewe. Kwa jenereta, daftari la oili ndilo ushahidi: mashine nyingi ndogo hutaka oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 za kwanza, na risiti ya oili hiyo ihifadhiwe pamoja na ya ununuzi. Tangazo lisilotaja waranti halimvui muuzaji jukumu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamchukulia kuwa amedhamini ubora unaofaa wa bidhaa hata asipoandika neno. Ila kuidai haki hiyo bila risiti yenye namba ya mashine ni kazi ngumu.

Kabla ya kutoka dukani, iombe inverta ifungwe kwenye betri na iwashe feni mbili na friji ya hapo kwa nusu saa. Mwanzoni, kabla mzigo haujawekwa, betri nzima ya asidi iliyojaa na kupumzika hupima volti 12.6 au zaidi. Iliyokaa rafu miezi bila kuchajiwa itakuwa chini ya 12.4. Muuzaji mwenye mzigo mzuri atakuvutia kiti.