Hisa za Apple Ziliporomoka Kweli? Jinsi ya Kusoma Safu Tano za Bei

Faili la bei za hisa huwa na safu tano zinazojirudia kila siku ya soko. Tuchukue mistari miwili ya Apple katika soko la Nasdaq, Ijumaa na Jumatatu iliyofuata:

```
Date,Open,High,Low,Close,Volume
2020-08-28,504.05,505.77,498.31,499.23,46907479
2020-08-31,127.58,131.00,126.00,129.04,225702700
```

Kila safu inasema nini?

`Open` ni bei ya kufungulia siku na `Close` ni ya kufungia. `High` na `Low` ni bei ya juu kabisa na ya chini kabisa iliyofikiwa siku hiyo. Zote ni dola kwa hisa moja. `Volume` ni idadi ya hisa zilizouzwa, wala si fedha. Hisa 100 zikiuzwa huhesabiwa 100, hazihesabiwi tena kwa upande wa mnunuzi.

Ijumaa bei ilipanda kwanza au ilishuka kwanza?

Mstari wa siku hausemi. Huenda 505.77 ilitangulia, huenda ni 498.31. Anayetaka kujua mfuatano huo atafute data za saa au za dakika.

Nitatambuaje mstari wenye kasoro?

`High` haiwezi kuwa ndogo kuliko bei nyingine yoyote ya siku ile ile, wala `Low` haiwezi kuwa kubwa kuliko yoyote. Ukikuta kinyume chake, data zina hitilafu. `Volume` ikiwa sifuri, hakuna hisa iliyouzwa, na mara nyingi bei unayoiona ni ya siku iliyotangulia iliyorudiwa tu.

Basi wenye hisa walipoteza robo tatu ya mali yao kwa wikiendi moja?

Hapana. Kuanzia Jumatatu hiyo kila hisa moja ya Apple iligawanywa kuwa nne. Kwa hiyo bei ya Ijumaa igawe kwa nne kwanza: 499.23 inakuwa 124.81. Ukilinganisha na 129.04, utaona bei ilipanda kwa karibu asilimia 3.4. Utaona pia kwamba soko halikufunguliwa pale lilipofungwa: lilianza na 127.58, dola 2.77 juu zaidi.

Na idadi ya hisa?

Hiyo zidisha kwa nne. Milioni 46.9 za Ijumaa zinakuwa milioni 187.6, kwa hiyo biashara ya Jumatatu iliongezeka kwa takriban asilimia 20, si karibu mara tano kama faili linavyoonyesha.

Je, kila faili huhitaji hesabu hii?

La. Wasambazaji wengi wa data hurekebisha bei za nyuma wenyewe. Tazama Ijumaa hiyo: ukikuta 124.81, kazi imekwishafanywa, usigawe tena. Usiunganishe faili lililorekebishwa na lisilorekebishwa, maana pale yanapokutana utapata anguko au mruko ambao haukutokea sokoni.