Gawio la Wapanda Milima

Mwaka 1935, Lloyd Anderson, mpanda milima wa mjini Seattle kaskazini-magharibi mwa Marekani, alikuwa anatafuta sururu ya barafu, ile ambayo mpandaji huichomeka kwenye theluji asiteleze. Aliyoipata madukani mjini kwake ilikuwa ghali na haikumridhisha. Katika katalogi iliyotoka Austria akaona iliyo bora kwa dola 3.50, gharama ya posta ikiwa humo humo, akaiagiza. Wenzake walipoiona kila mmoja akataka ya kwake, na nyumba ya Anderson na mkewe Mary ikageuka kituo cha kuagizia vifaa. Mwaka 1938 watu 23 wakachanga dola moja moja na kuanzisha chama cha ushirika.

Chama hicho leo ndicho REI, wauzaji wa mahema, viatu vya mlimani, baiskeli na mikoba ya safari, wenye wanachama zaidi ya milioni 20. Aliyekulia kwenye ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, au aliyewahi kupokea gawio la SACCO mwisho wa mwaka, hahitaji kuelezwa sana namna kinavyofanya kazi. Mteja hulipa kiingilio mara moja tu, dola 30 tangu mwaka 2022, akawa mwanachama maisha yake yote. Kila mwaka, panapo mwezi Machi, hurudishiwa asilimia 10 ya alichonunua mwaka uliopita, na fedha hiyo huitumia kununua vitu vingine humo dukani.

Hadi hapo ni kama kadi yoyote ya pointi. Tofauti imejificha kwenye sharti moja dogo: asilimia 10 hiyo huhesabiwa kwa bidhaa zilizonunuliwa kwa bei kamili tu. Ukinunua hema lililoshushwa bei, umeshapata chako. Halimo kwenye hesabu ya gawio.

Sharti hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Duka linalogawa punguzo kila wiki humfundisha mteja somo moja, nalo ni kusubiri. Akiona viatu vya shilingi 100,000, hajiulizi kama vinamfaa. Anajiuliza lini vitashuka hadi 80,000. Baada ya mwaka mmoja bei iliyobandikwa haiaminiki tena, na duka linakuwa limejenga kundi la wateja ambao uaminifu wao wote ni kwa punguzo. Jirani akishusha zaidi, wanahamia kwake siku hiyo hiyo. REI imeigeuza hesabu hiyo: anayelipa bei kamili, anayeamini kwamba kitu kina thamani hiyo, ndiye anayekumbukwa mwezi Machi. Na kwa kuwa tunu inakuja mara moja kwa mwaka, imekuwa na msimu wake. Ni mgao wa chama, na mtu huupangia matumizi kabla haujafika.

Tazama pia gharama ya punguzo lenyewe, ambayo wenye maduka wengi huihesabu vibaya. Tuseme bidhaa umeinunua kwa shilingi 7,000 na unaiuza 10,000. Faida yako kabla ya gharama nyingine ni 3,000. Ukitoa punguzo la asilimia 10, umetoa shilingi 1,000, ambayo ni theluthi nzima ya faida. Sasa unabaki na 2,000 kwa kila kimoja. Ili upate fedha ile ile uliyokuwa ukipata kwa kuuza vitu 100, inabidi uuze 150. Mara ngapi kadi ya punguzo imeongeza mauzo kwa nusu?

Tunu nyingine za REI nazo zinafuata njia ile ile. Mwanachama anayepeleka baiskeli yake karakana ya duka hulipa pungufu kwa asilimia 20, na kazi ya kutengeneza tairi lililopata pancha hafanyiwi malipo. Ana nafasi ya kuuza vifaa vyake vilivyotumika, na ya kununua vya wenzake. Ndiyo, mitumba, ndani ya duka linalouza vipya. Mwenye duka wa kawaida angeshtuka kusikia hivyo. Lakini kwa chama kilichoanza kwa sababu mtu mmoja alitaka sururu imara kwa bei ya haki, hema linaloendelea kutumika mikononi mwa mtu wa pili ni tangazo kuliko bango lolote la barabarani.

Kisha kuna jambo la mwaka 2015. Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani ni siku ambayo maduka ya Marekani hufurika watu wanaokimbilia bei za kutupa. Mwaka ule REI ilifunga maduka yake yote 143 siku hiyo, ikawalipa wafanyakazi wake mshahara wao, ikawaambia wao na wanachama waende porini. Imeendelea kufunga kila mwaka tangu hapo, na mwaka 2022 ikatangaza kwamba utaratibu huo ni wa kudumu. Katika siku kuu ya punguzo, mwanachama alipewa ruhusa ya kutokuja.

Mpango wa namna hii huvunjika pia, na huvunjika kwa njia zake. Kwa miaka mingi REI ilikubali bidhaa kurudishwa wakati wowote, bila kikomo. Ilikuwa ahadi nzuri iliyolingana na jina la duka, mpaka watu walipoanza kurudisha viatu vilivyotembea miaka mingi na kudai vipya. Ikafika mahali utani ukawa kwamba herufi za jina lile zina maana ya duka la kukodisha vifaa. Mwaka 2013 ikawekwa ukomo wa mwaka mmoja kwa wanachama. Hapo ndipo wabunifu wa mipango hii hukosea mara nyingi: tunu inayotokana na moyo wa chapa bado inahitaji mpaka, la sivyo wachache huila, na wengi hulipia.

Namna ya kuhesabu pointi nayo husema jambo, hata pale kampuni isipokusudia. Starbucks, wauza kahawa, walikuwa wakitoa nyota moja kwa kila malipo, na nyota 12 zikampa mteja kinywaji au kitafunwa cha bure. Mpango ule ulisema: tunathamini kukuona. Bahati mbaya baadhi ya wateja waligundua kwamba wakinunua vitu vitatu na kulipia kimoja kimoja, wanapata nyota tatu, foleni ikarefuka. Aprili 2016 kampuni ikabadili: nyota mbili kwa kila dola, na tunu ikawa nyota 125. Piga hesabu ya mtu wa kahawa ya rangi ya dola mbili. Zamani alihitaji kuja mara 12, yaani dola 24. Sasa alihitaji kutumia dola 62.50, sawa na kuja mara 32. Kwa aliyezoea vinywaji vikubwa vya dola sita mabadiliko yalikuwa ya heri, maana yake mara 11 zilimtosha. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mlalamikaji hakuwa amekosea kusoma ujumbe: duka lililojiuza kama mahali pa kukutana kila siku sasa lilikuwa linahesabu noti.

Afrika Mashariki ina mfano wake ulio wazi, Bonga Points za Safaricom, zilizoanza Kenya mwaka 2007. Kubonga ni kupiga soga, na kwa kampuni ya simu ya wakati ule jina lilikuwa limeshatenda nusu ya kazi. Kadiri ulivyobonga ndivyo pointi zilivyoongezeka, ukazibadilisha kwa muda wa kubonga zaidi, au kwa simu. Baadaye zikaruhusiwa kulipia bidhaa madukani kupitia M-Pesa, na hapo maana yake ikageuka: pointi zikaanza kuonekana kama akiba ya mwenyewe. Mwaka 2022 kampuni ilipotangaza kwamba zilizozidi miaka mitatu zitafutwa, wateja walipiga kelele na mpango ukasitishwa. Kwa kampuni, pointi ambayo haijatumika ni deni lililokaa kwenye vitabu. Kwa mteja ni mali yake. Mbunifu anayesahau upande mmoja wa sentensi hizi mbili ataumbuliwa na upande huo.

Je, fundi au mwenye duka dogo afanyeje na mambo haya ya mabilioni? Chukua duka la baiskeli la kubuni, tuliweke Morogoro, lenye sifa ya kuuza baiskeli zinazodumu. Mwenyewe anafikiria kadi ya punguzo la asilimia tano. Baiskeli yake moja huuzwa shilingi 300,000, kwa hiyo punguzo ni 15,000, na mteja ataisahau kabla hajafika kona. Kwa fedha hiyo hiyo anaweza kumwandikia mteja daftari dogo la matengenezo: mara mbili kwa mwaka baiskeli inarudi, mnyororo unasafishwa na kupakwa mafuta, magurudumu yananyooshwa, breki zinakazwa. Fundi yuko pale, na asubuhi za katikati ya wiki mara nyingi amekaa. Gharama halisi ni mafuta na nusu saa. Mteja aliyerudi anaona tairi jipya ukutani, anauliza bei ya taa. Daftari lenye mihuri ya miaka mitatu linaongeza bei ya baiskeli siku akitaka kuiuza. Na muuza baiskeli wa jirani, anayeleta za bei poa zisizofika mwaka, hawezi kuiga mpango huu bila kujiaibisha, maana kila baiskeli ingerudi kumsuta.

Hapo pana kipimo kizuri. Futa jina la duka kwenye karatasi ya mpango, weka la mshindani. Kama hakuna kilichobadilika, ulichonacho ni punguzo lililovaa kadi.

Mpango mzuri hauokoi biashara yenye matatizo mengine. REI ilipata hasara mwaka 2022 na 2023, ikapunguza wafanyakazi, na Januari 2025 ikafunga kitengo chake cha safari na mafunzo, kitu kilichoonekana kuoana kabisa na jina lake. Wanachama mamilioni hawakulizuia hilo. Gawio humrudisha mteja. Haliwezi kusimamia bohari wala kupanga gharama.

Kwa hiyo mwenye kadi tayari asianze na kuchapisha nyingine. Achukue risiti za miezi mitatu, atenge za wenye kadi na za wasio nayo, kisha ahesabu ngapi kati ya bidhaa walizochukua wenye kadi ziliuzwa kwa bei kamili. Kama fungu hilo ni dogo kuliko la wapita njia, kadi yake inawafundisha wateja wake bora kusubiri.