Swichi Mbili, Taa Moja: Vile Ngazi ya Gorofa Nyakoe Inaangusha Nyuroni Moja

Kama umewahi kupanga keja ya gorofa pale Nyakoe, ile ya duka chini na watu juu, unaijua taa ya ngazi. Iko na swichi mbili, moja chini mlangoni na ingine juu. Ukiingia usiku unabonyeza ya chini, unapanda ukiona mbele, ukifika juu unabonyeza ya pili na taa inazima. Fundi wa stima anaifunga bila stress. Lakini ukimpa nyuroni moja ya kompyuta ijifunze hiyo taa, haitawahi kuiweza, hata uifunze mpaka Krisi.

Tuweke sheria ya taa vizuri kwanza. Swichi zote zikiangalia chini, taa imezima. Moja ikiwa juu na ingine chini, taa inawaka. Zote zikiwa juu, taa inazima tena. Wasee wa kompyuta huita hii XOR, yaani moja ama ingine, lakini si zote mbili.

Hiyo nyuroni nayo jina lake ni perseptroni. Ililetwa 1958 na Frank Rosenblatt, mwanasaikolojia aliyekuwa kwa maabara ya Cornell huko Buffalo, Marekani. Inafanya kazi hivi: kila swichi inapewa namba inayoitwa uzito. Swichi ikiwa juu, uzito wake unahesabiwa. Ikiwa chini, hauhesabiwi. Kisha kuna namba ya tatu, bayasi, ambayo huongezwa kila wakati. Jumla ikipita sufuri, nyuroni inasema "waka". Ikiwa sufuri ama chini yake, inasema "zima". Hiyo tu.

Utamu uko kwa vile inajifunza. Hakuna mtu anaiandikia sheria. Unaionyesha mfano mmoja baada ya mwingine, na ikipatia, unaiacha. Ikisema "zima" na ilifaa iseme "waka", unaongeza 1 kwa uzito wa kila swichi iliyokuwa juu, na 1 kwa bayasi. Ikisema "waka" na ilifaa izime, unatoa 1 hapo hapo. Swichi iliyokuwa chini haiguswi, juu haikuchangia makosa.

Tuijaribu na kitu rahisi kwanza: kengele ya geti yenye vibonyezo viwili, ukifinya chochote inalia. Tunaanza na namba zote zikiwa 0. Tunapitia mifano minne kwa mpangilio huu: hakuna kilichofinywa, cha pili pekee, cha kwanza pekee, vyote viwili. Raundi ya kwanza nyuroni inakosea mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara moja. Raundi ya nne inapata zote. Uzito wa kwanza ni 1, wa pili ni 1, bayasi ni 0. Kweli, finya chochote na jumla inapita sufuri. Marekebisho manne tu, na mambo iko fiti.

Sasa turudi kwa ngazi. Mpangilio ni ule ule, kuanza ni sufuri ile ile. Hizi ndizo namba mwisho wa kila raundi, w1 na w2 zikiwa uzito wa swichi mbili na b ikiwa bayasi:

```
raundi 1:  w1=-1  w2=0  b=0   makosa 2
raundi 2:  w1=-1  w2=0  b=1   makosa 3
raundi 3:  w1=-1  w2=0  b=1   makosa 4
raundi 4:  w1=-1  w2=0  b=1   makosa 4
```

Umeona noma hapo? Kuanzia raundi ya tatu inakosea mifano yote minne, inarekebishwa mara nne, na inaishia palepale ilipoanzia. Kila somo linafuta somo lililotangulia. Raundi ya 5 itakuwa hivyo, ya 1000 pia. Si ati ni mvivu ama haijapewa muda. Na hiyo ndiyo dalili ya kuangalia: namba zikianza kujirudia na makosa bado yapo, ongeza raundi vile unataka, hakuna kitu itabadilika.

Kwa nini? Fuata hesabu polepole. Swichi zote zikiwa chini, bayasi pekee ndiyo inahesabiwa, na taa inafaa izime. Kwa hivyo bayasi haiwezi kupita sufuri. Swichi ya kwanza ikiwa juu peke yake taa inawaka, so uzito wake ukijumlishwa na bayasi lazima upite sufuri. Ya pili vilevile. Sasa jumlisha hizo mbili: uzito wote wawili na bayasi mara mbili, lazima ipite sufuri. Lakini swichi zote zikiwa juu tunataka taa izime, kumaanisha uzito wote wawili na bayasi mara moja haupiti sufuri. Ukiongeza hapo bayasi ingine, ambayo tushasema haipiti sufuri, jumla haiwezi kupanda. Kitu kimoja kinatakiwa kipite sufuri na kisipite. Hakuna namba duniani za kufanya hivyo.

Ukitaka picha, fikiria ploti ya mraba yenye vigingi kwa kona nne. Kona mbili zinazotazamana ni za Moraa, zile zingine mbili ni za Ombati. Vuta kamba moja iliyonyooka, Moraa abaki upande mmoja na Ombati upande mwingine. Jaribu tu. Nyuroni moja haina kingine isipokuwa hiyo kamba moja. Kwa kengele inatosha, kwa sababu kona moja pekee ndiyo inatengwa na zingine tatu. Na kama kamba ya kutenganisha ipo, ilishathibitishwa kwa hesabu kwamba sheria ya Rosenblatt itaipata baada ya marekebisho yenye mwisho. Kama haipo, itazunguka tu.

1969 Marvin Minsky na Seymour Papert walichapisha kitabu kizima kuhusu vitu perseptroni haiwezi, na watu wengi wakapoa na hizo nyuroni kwa miaka.

Cheki sasa vile fundi hufanya. Kati ya swichi ya chini na ya juu anapitisha nyaya mbili, si moja. Waya mmoja unapitisha stima wakati swichi ya chini pekee iko juu. Mwingine unapitisha wakati ya juu pekee iko juu. Zote mbili zinaishia kwa taa moja. Nyuroni nazo hutatuliwa hivyo hivyo: moja inashika hali ya kwanza, ya pili inashika hali ya pili, na ya tatu inafanya kama kengele yetu, ikisikia yoyote inawaka. Kila moja ni kamba moja, na kila moja iko ndani ya uwezo wake.

Shida iliyobaki ilikuwa kufunza. Taa ikikosea, unajua nyuroni ya mwisho ilifaa kusema nini. Lakini zile mbili za katikati, nani alikosea na kwa kiasi gani? Sheria ya Rosenblatt haina jibu hapo, kwa sababu inahitaji jibu sahihi la kila nyuroni. Njia iliyokuja kushika ni ile David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walieleza 1986: kurudisha kosa nyuma kutoka kwa taa, na kugawia kila nyuroni sehemu yake ya lawama. Ili hiyo iwezekane, nyuroni iliacha kuwa ya "waka ama zima" tu. Ilibidi jibu lake lipande pole pole, ndiyo mabadiliko kidogo ya uzito yaonekane kwa kosa.